Kwa nini barafu ya mwaloni haibadiliki bei

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mnunuzi wa samaki mwaloni huku Ilemela. Natuma mtumbwi visiwani kukusanya sangara, kwa hiyo barafu nanunua karibu kila siku. Wenye barafu ni watatu tu na wote wanauza kipande shilingi elfu tano. Wakati wa mgawo wa umeme walikuwa wanawasha jenereta kutwa, gharama zikapanda, bei haikupanda. Mgawo ulipoisha, bei haikushuka. Mwenzangu anasema wamekaa chini wakakubaliana. Mwanangu wa kidato cha sita kanichorea mstari uliopinda akasema jibu liko hapo, ila nilipomuuliza maana yake akababaika. Ni kweli wamekula njama, au kuna kingine?*

Marahaba, dada. Mwanao hajakosea, na kubabaika kwake nakuelewa. Mstari ule huchorwa ubaoni kwa dakika moja, kisha mwalimu anaendelea na mada nyingine. Tuuweke pembeni kidogo. Tuanze na mmoja wa wale watatu, amekaa mlangoni pa chumba chake cha barafu saa kumi alfajiri, chaki mkononi, anajiuliza aandike bei gani leo.

Akiandika 5,500, nini kitatokea? Wenzake wawili watamwona. Watacheka kimoyomoyo, wataacha zao 5,000, na wateja wake watawafuata. Hawana sababu ya kupanda naye, maana kila hatua anayopanda yeye inawaletea watu. Sasa tuseme ameandika 4,500. Hapo hawatacheka. Kufika saa moja asubuhi wateja wao watakuwa wamepanga foleni kwake, na kabla ya saa mbili nao watakuwa wamefuta ubao na kuandika 4,500. Akipanda anabaki peke yake, akishuka anafuatwa. Nadharia nzima ya mstari ule imejengwa juu ya jambo hilo moja, na utaona kwamba ni jambo lililo kichwani mwa muuzaji: ni dhana yake kuhusu wenzake watakachofanya. Huenda anawadhania vibaya. Lakini bei anaipanga kwa dhana hiyo.

Sasa tuweke namba. Nimezitunga mimi kwa ajili ya hesabu, sizo za mtu yeyote wa mwaloni kwako, ila nimezipanga zifanane na mambo unayoyaona. Kwa bei ya 5,000 anauza vipande 200 kwa siku. Akipandisha hadi 5,500 peke yake, anabaki na wateja wa vipande 120. Hawamkimbii wote, kwa sababu wako wanaochukua kwa mkopo kwake, na wako ambao mtumbwi wao unaegeshwa mlangoni pake, kwa hiyo kubeba barafu mita mia tatu zaidi kunawagharimu kibarua. Akishusha hadi 4,500 na wenzake wakafuata, anauza 230. Hizo 30 za ziada hazitoki kwa wenzake. Zinatoka kwa wauza juisi, kwa mwenye mtumbwi aliyekuwa akibana barafu na sasa anajaza boksi vizuri, na watu wa namna hiyo.

Kila kipande kinamgharimu 3,000: umeme au dizeli, maji, chumvi ya kwenye tangi, na kibarua wa kukitoa kwenye kopo. Sihesabu kodi ya jengo, mkopo wa benki wala mshahara wa mlinzi, kwa sababu hivyo analipa hata asipouza kipande kimoja. Kwa bei ya 5,000 kinachobaki mkononi ni 200 mara 2,000, yaani 400,000 kwa siku. Kwa 5,500 ni 120 mara 2,500, yaani 300,000. Kwa 4,500 ni 230 mara 1,500, yaani 345,000. Akienda juu anapoteza na akienda chini anapoteza. Anafunga mdomo, anaandika 5,000 kama jana.

Hapo hatujasema lolote la ajabu. Kila bei nzuri iko hivyo, ukiisogeza unapoteza. Ajabu inaanza gharama zinapobadilika, na ndilo swali lako hasa.

Umeme umekatika, jenereta inanguruma, na kipande sasa kinamgharimu 3,600. Akibaki 5,000 anapata 200 mara 1,400, yaani 280,000. Amepungukiwa 120,000 kwa siku, na inamuuma. Akipandisha hadi 5,500 anapata 120 mara 1,900, yaani 228,000. Maumivu yangeongezeka. Kwa hiyo anabaki, na wewe unayemtazama kutoka nje unadhani gharama hazijamgusa, kumbe zimemgusa sana na amezila mwenyewe. Kisha mgawo unaisha, labda na mashine amebadilisha kwa inayokula umeme kidogo, na kipande kinamgharimu 2,000. Akibaki 5,000 anapata 600,000. Akishusha hadi 4,500 anapata 575,000. Anabaki tena. Safari hii anayeumia ni wewe.

Je, gharama ziende mbali kiasi gani ndipo asogee? Hili linapatikana kwa hesabu rahisi, na ningependa ulione kwa sababu ndilo lililomshinda mwanao kulieleza. Akitoka 5,000 kwenda 5,500 anaacha kuuza vipande 80, na mapato yake yanashuka kutoka 1,000,000 hadi 660,000. Ameachia 340,000 kwa vipande 80, sawa na 4,250 kwa kila kipande alichoacha. Kuacha kuuza kipande kinachokuletea 4,250 kuna maana tu ikiwa kipande hicho kinakugharimu zaidi ya 4,250. Upande wa pili, akitoka 5,000 kwenda 4,500 anaongeza vipande 30, na mapato yanapanda kutoka 1,000,000 hadi 1,035,000 tu. Vipande 30 vimemletea 35,000, kama 1,167 kila kimoja. Kuvitengeneza kuna maana tu ikiwa kila kimoja kinamgharimu chini ya hapo.

Kati ya 1,167 na 4,250 kuna shimo. Gharama ya kipande ikitembea popote ndani ya shimo hilo, bei iliyo bora kwake ni ileile 5,000. Gharama inaweza kupanda kutoka 3,000 hadi 4,200 ubao usiguswe. Ikifika 4,400, mambo yanageuka: akibaki anapata 120,000, akipandisha anapata 132,000, na hapo utaona chaki ikisogea.

Sasa rudi kwenye karatasi ya mwanao. Mstari wa mahitaji aliouchora una kiwiko kwenye bei iliyopo. Juu ya kiwiko umelala, maana ukipanda bei kidogo wateja wengi wanaondoka. Chini ya kiwiko umesimama, maana ukishusha hupati wengi. Chini ya mstari huo alichora mwingine, wa mapato yanayoletwa na kipande kimoja cha ziada, nao umekatika katikati na kuacha pengo la kwenda juu na chini. Pengo hilo ndilo shimo letu. Mstari wa gharama ukipita ndani ya pengo, uupandishe au uushushe, bei haisogei. Mchoro wote hauna zaidi ya hapo.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1939 lilitokea mahali pawili karibu kwa wakati mmoja. Mchumi Mmarekani Paul Sweezy aliliandika kama nadharia, na huko Oxford wachumi Hall na Hitch walilifikia kwa njia ninayoipenda zaidi: waliwaendea wafanyabiashara 38 na kuwauliza wanapangaje bei. Wengi walijibu kwamba wanajumlisha gharama na kuongeza faida ya kawaida, kisha hawaigusi bei hovyo kwa sababu wakipandisha wenzao hawatafuata na wakishusha watafuata. Jibu hilohilo nimelisikia kwa wenye mashine za kusaga Mwanza, kwa maneno mengine. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, ukipandisha shilingi hamsini kwenye kilo, foleni yako inahamia kwa jirani kabla jua halijatua, na ukirudisha, nusu yake hairudi." Hilo la mwisho halimo kwenye mchoro. Mchoro unadhani mteja anarudi bei ikirudi.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu hoja ya mwenzako haijafa bado.

Mgawo wa umeme haukumpiga mmoja, uliwapiga wote watatu. Nadharia ya kiwiko ina nguvu pale gharama inapompata muuzaji mmoja peke yake: kajaza kopo lililotoboka, au kajazia gesi mpya. Wenzake hawana shida hiyo, kwa hiyo kweli hawatamfuata akipanda. Gharama ikiwapata wote na kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye imempata, ile dhana ya kwamba "nitabaki peke yangu" inalegea. Mwenye chaki anaweza kujiambia kwamba hata wale wawili wanatafuta sababu ya kupanda, wanasubiri wa kuanza. Kiwiko kinaweza kunyooka, au kuhama chote hadi bei ya juu zaidi.

Tuangalie kwa namba. Gharama imefika 3,800 kwa wote. Kila mmoja akibaki 5,000 anapata 240,000 kwa siku. Wote watatu wakienda 5,500 pamoja, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Anayepotea ni yule tu anayeamua kutumia barafu kidogo. Tuseme kila mmoja anauza 170. Hiyo ni 170 mara 1,700, yaani 289,000. Wote wangeneemeka kwa 49,000 kila siku. Kwa nini basi hawakwenda?

Kwa sababu lazima mmoja aanze, na anayeanza analipia. Siku anazokuwa peke yake anapata 120 mara 1,700, yaani 204,000, pungufu ya 36,000 kuliko kama angetulia. Wenzake wakimfuata kesho yake, gharama ya kutangulia ni ndogo. Wakikaa siku kumi wakila wateja wake, amepoteza 360,000, na atahitaji siku nane za bei mpya kuzirudisha, mradi wateja waliohama warudi wote. Na wenzake wana kishawishi cha kutofuata haraka, maana siku hizo kumi kwao ni mavuno. Unaona basi jinsi watu watatu, kila mmoja akitamani bei ipande, wanavyoweza kukaa miezi wakitazamana bila hata mmoja kuinua chaki. Hawajakubaliana lolote. Wameshindwa kukubaliana.

Kuna jambo jingine la mgawo ambalo kutoka nje halionekani. Haukuwapiga kwa uzito sawa. Aliyekuwa na jenereta kubwa ya kuendesha kompresa alipata gharama za dizeli lakini tangi lake liliendelea kuganda. Asiyekuwa nayo alikosa barafu kabisa saa zile. Na laini za umeme hazikatwi saa moja. Hivyo kila mmoja alijua kwamba mwenzake ameumia ila hakujua kwa kiasi gani, na katika giza hilo kutangulia kunatisha zaidi. Gharama inayojulikana na wote kwa kiasi kilekile, kama bei ya umeme kutangazwa upya nchi nzima, huinua bei upesi kuliko gharama isiyoeleweka.

Sasa udhaifu wa nadharia yenyewe, maana huu mchoro una maadui wa siku nyingi. Mwaka 1947 mchumi George Stigler alikaa na kumbukumbu za bei za viwanda vya Marekani vyenye wauzaji wachache, sigara na dinamaiti zikiwemo, akauliza swali la moja kwa moja: je, ni kweli mmoja akipandisha wengine hawafuati? Akakuta kwamba mara nyingi walifuata. Kisha akaongeza pigo la pili. Muuzaji aliye peke yake sokoni hana wa kumwogopa, kwa hiyo hana kiwiko, na bei yake ingepaswa kusogea mara kwa mara kuliko ya wauzaji wachache. Haikuwa hivyo. Kwa maneno mengine, bei inaweza kuganda hata pasipokuwa na kiwiko.

Mimi naukubali ukosoaji huo, ila siuoni kama mwisho wa habari. Unatukataza kufanya jambo moja: kuona bei imeganda na papo hapo kusema "hicho ni kiwiko". Chukua hiyo elfu tano yako. Elfu tano ni noti moja. Alfajiri, kwa tochi, mikono imelowa, watu wanakimbizana na mtumbwi unaotaka kung'oa nanga, noti moja kwa kipande kimoja ni bei ambayo haina chenji wala ugomvi. Mwenye barafu akienda 5,300 atahitaji kijana wa kutafuta sarafu. Hiyo peke yake inaweza kuigandisha bei mwaka mzima bila kiwiko chochote. Na nadharia ina pengo jingine ambalo hata Sweezy hakuliziba: inaeleza kwa nini bei inabaki 5,000 ikishakuwa 5,000, lakini haielezi kwa nini ilianza kuwa 5,000 na si 4,000 au 6,000. Hilo lilipangwa na historia, labda siku kiwanda cha kwanza kilipofunguliwa kabla ya hao wengine wawili kuja.

Ninachokifanya mimi, badala ya kubishana kwa mchoro, ni kutafuta siku ambazo kiwiko kilipaswa kutoweka, kisha kutazama bei ilifanya nini siku hizo. Kwa barafu siku hizo zipo. Kiwiko kinategemea wenzake wawe na barafu ya kuwapokea wateja wanaomkimbia. Sangara wakishika vizuri na mitumbwi yote ikitaka kutoka, watatu wote wanamaliza barafu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ukipandisha mteja hana pa kukimbilia, na kila mmoja anajua. Vivyo hivyo kompresa ya mmoja ikiungua na akafunga wiki mbili, waliobaki hawawezi kupokea watu wote. Kumbuka misimu hiyo. Kama bei ilipanda, hata kwa mlango wa nyuma, kwa mteja mgeni au kwa anayekuja amechelewa, basi kinachoishika siku za kawaida ni hofu ya kukimbiwa, yaani kiwiko. Kama haikusogea hata siku ambayo watu walikuwa wanagombania vipande, noti moja au mazoea yanaeleza zaidi. Binafsi nadhani kwako vyote viwili vimo, ila wewe ndiye uliyekuwepo.

Na njama? Ina alama zake, na si hiyo ya bei kufanana. Bei kufanana kwa wauzaji watatu wa kitu kilekile mahali pamoja ni jambo la kutarajiwa, hata wakiwa wanachukiana. Bei ya kiwiko haipandi wala haishuki, na ikivunjika huvunjika kwa mmoja kutangulia na wengine kusitasita. Waliokubaliana wana sura nyingine: bei inapanda siku moja kwa wote, pengine bila gharama yoyote kubadilika; ukienda kwa wa pili anakuuliza "wewe si mteja wa fulani?" na kukunyima, mmoja akipunguza kwa siri kwa mnunuzi mkubwa, wenzake wanamjia juu. Ukiyaona hayo, si uchumi tena, ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko. Kwa maelezo yako sijaona alama hata moja. Watu wenye uwezo wa kukubaliana wangepandisha wakati wa mgawo, walipokuwa na kisingizio ambacho kila mteja angekielewa. Wao walikula hasara. Usisahau pia ile 289,000 dhidi ya 240,000: kishawishi cha kukaa chini kipo, na mgawo mwingine ukija unaweza kuwakutanisha.

Tahadhari moja ndogo, usije ukaichukua hesabu hii ukaipeleka kituo cha mafuta au kwenye daladala. Huko bei zinafanana na kutulia kwa sababu nyingine kabisa. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na nauli hupangwa na LATRA. Barafu haina wa kuipangia.

Nimalizie na jambo ambalo mwanao hatalikuta kwenye mchoro na ambalo linakuhusu mfukoni. Umeniambia bei haikupanda wakati wa mgawo. Una hakika kipande hakikupungua?

Aliyebanwa na kiwiko hawezi kugusa namba iliyo ubaoni, kwa sababu ndiyo wateja wanayoilinganisha. Lakini yako mengine anayoweza kuyagusa bila jirani kuona. Kipande cha barafu huganda kutoka nje kwenda ndani, kopo likiwa limezama kwenye maji ya chumvi yenye ubaridi mkali, na moyo wa katikati ndio unaochelewa kuliko yote. Saa za mwisho zinakula umeme au dizeli kwa ajili ya kugandisha sehemu ndogo. Akikitoa mapema, kwa macho ni kipande kilekile, ila ndani kuna maji ambayo yatamwagika ukikivunja. Anaweza pia kutojaza kopo hadi juu. Anaweza kuacha kukubebea hadi mtumbwini kama zamani, au mkopo wa wiki ukawa wa siku tatu. Kwa sehemu hiyo bei imepanda, na kiwiko hakijaguswa. Kipande cha kilo 25 kwa 5,000 ni shilingi 200 kwa kilo. Kikiwa kilo 22 na nusu, umelipa 222. Hilo ni ongezeko la asilimia 11, na ubao haukuguswa.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mwenzako ameshinda au ameshindwa, chukua ile mizani mnayopimia samaki. Pima vipande kumi kwa kila mmoja wa wale watatu, asubuhi mbili tofauti, mara vinapotoka kwenye chumba na kabla havijaanza kuchuruzika. Usipime kimoja kimoja ukakasirika, maana makopo hayalingani. Chukua jumla ya vyote kumi. Kisha vunja viwili utazame moyo: ukiwa mweupe lakini mgumu, ni hewa na chumvichumvi za maji tu, hilo la kawaida, ukiwa na maji, kimetolewa mapema. Andika tarehe, na kama siku hiyo umeme ulikuwepo au waliwasha jenereta. Ukiona uzito unashuka siku za jenereta na kurudi siku za umeme, utakuwa umeipata bei yao halisi, ile inayosogea na gharama.